Ikipotea au imepotea? Mikato saba ya kaulimbiu moja kwa bango dogo la simu

Sentensi iliyoletwa mezani haikuwa na kosa lolote:

Picha zako zote zitabaki salama hata kama simu yako itapotea au kuharibika

Mteja ana programu ya kutunza nakala za picha. Ukipiga picha, nakala yake inapanda kwenye seva. Siku simu ikikutoka, unaingia kwenye akaunti yako kwa simu nyingine na kuzikuta. Sentensi inalisema jambo hilo lote bila kuacha pengo. Ina maneno 12, na ukihesabu nafasi kati ya maneno, herufi 74. Kasoro ni kwamba bango lenyewe ni la pikseli 320 kwa 50, ule ukanda mwembamba unaokaa ukingoni mwa skrini wakati mtu anasoma mambo yake mengine.

Hesabu ya nafasi tuliifanya hivi. Kushoto kuna nembo ya pikseli 34, na pikseli 8 za kupumulia kila upande. Hapo 50 zimekwenda. Kulia kuna kitufe cha pikseli 74 chenye 8 zake huku na 8 kule. 90 nyingine zimekwenda. Katika 320 zinabaki 180 kwa ajili ya maneno. Fonti nyoofu iliyokolezwa, ya ukubwa wa pikseli 14, inakula kama pikseli saba na nusu kwa herufi, kwa wastani, kwa hiyo mstari mmoja unabeba herufi 24 hivi. Mistari miwili ya kimo cha pikseli 17 inafanya 34, zinabaki 8 juu na 8 chini. Mstari wa tatu hauingii. Ukitaka kuulazimisha itabidi ushushe fonti hadi 10, na hapo umeandika kwa ajili ya mwenye darubini.

Kuna na kikomo cha pili. Mteja alitaka maneno yaleyale yatumike pia katika matangazo ya Google yanayojipanga yenyewe kulingana na nafasi, na kichwa kifupi humo kina kikomo cha herufi 30, nafasi na alama zikihesabiwa. Kwa hiyo swali letu lilikuwa: herufi 30, mistari miwili, na maana ileile.

Kabla ya kukata chochote tulijaribu njia ya kivivu, yaani kuiacha sentensi kama ilivyo na kuuacha mfumo wenyewe uikate. Sehemu nyingi zikizidiwa huweka nukta tatu mwishoni. Tukiupa mfumo nafasi 30, ya mwisho ikiwa ya nukta hizo, tulipata hii:

Picha zako zote zitabaki sala…

Ikawa tangazo la ibada. Tulicheka, kisha tukaanza kukata kwa mkono.

## Kinachotakiwa kibaki

Sentensi ndefu imebeba mizigo mitatu. Kuna kitu: picha, tena zako. Kuna ahadi: hutazikosa. Na kuna tukio: simu haipo tena mkononi. Mengine yote, "zote", "hata kama", "au kuharibika", ni ya kukaza mizigo hiyo mitatu. Mkato unaobeba mizigo mitatu umefaulu hata kama umeacha maneno mengi. Ulioangusha mmoja unasema jambo jingine, au hausemi kitu, hata ukiwa mtamu masikioni.

Hii ndiyo mikato saba tuliyoiweka ubavu kwa ubavu:

| Mkato | Maneno | Herufi, nafasi na alama |
|---|---|---|
| Simu ikipotea, picha zako zipo | 5 | 30 |
| Simu imepotea? Picha zako zipo | 5 | 30 |
| Simu hupotea, picha hubaki | 4 | 26 |
| Hifadhi picha zako | 3 | 18 |
| Tunakutunzia picha | 2 | 18 |
| Picha hazipotei | 2 | 15 |
| Picha salama | 2 | 12 |

Ukilisoma jedwali hili kutoka chini kwenda juu, karibu kila mkato unaonekana kuushinda ulio juu yake kwa ufupi. Nami nitaanzia huko chini, kwa sababu huko ndiko makosa yanakoonekana kwa haraka.

## Mifupi mno

"Picha salama" ina herufi 12. Inaingia kwenye mstari mmoja kwa fonti kubwa na bado kuna pa kuegesha. Niliionyesha kwa mtu ambaye hakujua tunauza nini, nikaificha, nikamwuliza: hawa wanakupa nini? Akajibu kwamba ni programu ya kuzuia watoto wasione picha mbaya. Hakukosea. "Salama" ikikaa kando ya "picha" bila kitenzi inakuwa sifa ya picha zenyewe, kama vile maji salama au chakula salama. Katika sentensi ndefu neno hilohilo lilikuwa linaelezea hali ya picha baada ya tukio, kwa sababu "zitabaki" ililishika mkono. Kitenzi kilipoondoka, sifa ikahamia kwingine. Hili hutokea mara nyingi unapobakiza nomino na sifa tu: maneno ni yaleyale ya mwanzo, lakini uhusiano kati yake ndio uliokatwa.

"Picha hazipotei" imekifanya kitenzi kiwe ndiyo ahadi. Ni nzuri, inasikika vizuri, na ukanushi wake uko mwanzoni mwa neno, kwa hiyo hata jicho lenye haraka haliukosi. Tatizo lake ni ukubwa wa ahadi. "Hazipotei" haina wakati wala sharti. Inasema hazipotei kabisa, milele, kwa sababu yoyote. Mtu akizifuta mwenyewe? Akisahau nywila na hana njia ya kuirejesha? Picha aliyopiga dakika moja kabla simu haijatumbukia majini, mahali pasipo na mtandao? Zote hizo zinapotea. Sentensi ndefu haikuahidi hivyo; iliahidi jambo moja, kwamba kupotea kwa simu hakutakuwa kupotea kwa picha. Kwa hiyo mkato huu haukupunguza maana bali uliiongeza, nayo ni hasara ya pili ambayo watu hawaihesabu. Ukifuta sharti, ahadi haibaki ilivyokuwa, inapanuka.

## Maneno mawili dhidi ya matatu

Angalia tena "Tunakutunzia picha" na "Hifadhi picha zako". Moja ina maneno mawili, nyingine matatu, na zote mbili zina herufi 18. Mteja aliyekuwa ameambiwa "maneno machache iwezekanavyo" angechagua ya kwanza na kudhani amebana zaidi. Kwenye skrini zinachukua karibu nafasi ileile.

Kiswahili ndivyo kilivyo. "Tunakutunzia" ni neno moja kwa kuhesabu, lakini ndani yake mna sisi, mna wakati, mna wewe, mna kutunza, na mna kwa ajili yako. Ni sentensi iliyovaa vazi la neno. Ufupi huo ni wa ajabu ukiwa unaandika barua, ila kwenye bango una gharama mbili. Ya kwanza, neno refu halivunjiki. Likikosa nafasi mwishoni mwa mstari linashuka lote chini na kuacha shimo. Ya pili, msomaji wa haraka hulishika neno kwa mwanzo wake, na mwanzo wa "Tunakutunzia" ni "tunaku-", yaani silabi tatu ambazo zingeweza kufuatwa na chochote: tunakukaribisha, tunakupenda, tunakukumbusha. Kiini cha neno kimejificha katikati. "Hifadhi" inakupa kiini papo hapo.

Ndiyo maana ninapopewa kazi ya namna hii siulizi maneno mangapi. Nauliza herufi ngapi kwa mstari, na neno refu kuliko yote lina urefu gani. Neno lililozidi herufi 12 kwenye bango hili linanipa wasiwasi, hata likiwa peke yake.

Sasa, je, "Hifadhi picha zako" inafaa? Inaeleweka, ina amri iliyo wazi, ina kitu na mwenye kitu. Lakini imeangusha tukio, na tukio ndilo lililokuwa sababu ya mtu kujali. Simu yenyewe huhifadhi picha kila siku bila kuombwa. Mtu ataona amri hiyo na kujibu moyoni kwamba nimeshahifadhi. Zaidi ya hapo, "Hifadhi" ni neno ambalo watu wamelizoea kwenye vitufe, lile unalogusa ili faili ikae. Na bango letu tayari lina kitufe chake kilichoandikwa "Pakua". Ukiweka amri kwenye kaulimbiu na amri nyingine kwenye kitufe, umetumia nafasi mbili kwa kazi moja. Nembo inasema ni nani, kitufe kinasema ufanye nini, na kaulimbiu imebakiwa na kusema kwa nini. Mkato wa amri unafaa pale ambapo kitufe hakipo, kwa mfano mstari wa maandishi matupu, na hata hapo ningeongeza sababu.

## Mdundo unaodanganya

"Simu hupotea, picha hubaki." Huu niliupenda, na nakiri niliutetea kuliko ulivyostahili. Una mizani, pande mbili zinazojibizana, na hiyo "hu-" inayoupa sauti ya methali. Kila mtu ofisini aliukumbuka baada ya kuusikia mara moja.

Lakini "hu-" ni ya mambo ya kawaida, yanayotokea siku zote kwa watu wote. Nusu ya kwanza ni kweli: simu hupotea. Nusu ya pili si kweli hata kidogo. Kwa kawaida simu ikipotea picha huenda nayo, na hiyo ndiyo sababu programu hii ikatengenezwa. Kwa hiyo mkato unaisema kama hali ya dunia kile ambacho ni kazi ya bidhaa. Msomaji akiwa na nembo mbele yake ataelewa kwamba "hubaki" maana yake ni hubaki ukiwa nasi. Nembo ikiondolewa, jambo linaloweza kutokea katika matangazo yanayojipanga yenyewe, anabaki na usemi ambao uzoefu wake mwenyewe unaupinga. Mkato huu ungefaa kwa bango kubwa ambalo jina la programu limekaa ndani ya sentensi yenyewe. Kwa 320 kwa 50 niliuacha, kwa shingo upande.

## Silabi moja

Sasa tuje kwenye miwili iliyobaki, ambayo kwa macho ni mapacha. Maneno matano kila mmoja, herufi 30 kila mmoja.

Simu imepotea? Picha zako zipo

Simu ikipotea, picha zako zipo

Mteja aliutaka wa kwanza. Swali linamsimamisha mtu, alisema, na kweli swali lina nguvu. Anayesoma analijibu kabla hajaamua kulijibu. Lakini hebu mfikirie mtu ambaye jibu lake ni ndiyo. Simu yake imepotea jana. Ameazima simu ya nduguye, anaona bango, anasoma kwamba picha zake zipo. Anapakua, anafungua, hakuna kitu. Hawezi kukuta kitu kwa sababu hakuwahi kuweka nakala. Tulimwambia picha zipo, na hazipo.

Na yule ambaye jibu lake ni hapana, mwenye simu yake mkononi, ambaye ndiye tunayemtafuta hasa? Yeye anapita. Swali halimhusu.

"-me-" inasema jambo limekwisha kutokea. "-ki-" inaliweka mbele kama jambo linaloweza kutokea, likisubiriwa. Kwa silabi hiyo moja bidhaa yetu imegeuka kutoka programu ya kujikinga na kuwa programu ya kufufua picha zilizokwisha kupotea. Ni bidhaa mbili tofauti, na moja hatuna. Alama ya kuuliza nayo ilichangia: kwenye sentensi ya sharti mkato hauhitaji swali, na kwenye swali huwezi kurudisha sharti. "Simu ikipotea?" peke yake inaning'inia.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu hesabu ya herufi haingekuonyesha tofauti hii. Mikato miwili yenye upana uleule na maneno karibu yaleyale, na mmoja ni uongo. Namna ya kuigundua ni kumchukua msomaji mmoja mahususi, umpe hali yake (simu anayo, au hana), kisha usome bango ukiwa yeye na uulize kitakachomkuta baada ya kugusa kitufe. Ukifanya hivyo kwa watu wawili tu, wenye simu na wasio nayo, makosa ya nyakati za vitenzi yanajitokeza yenyewe.

## Zipo, ziko, zimo

Huu mkato wa "-ki-" umelitupa neno "salama" na badala yake umeweka "zipo". Herufi nne kwa sita, na hakuna haja tena ya "zitabaki". Kwa nini si "ziko" wala "zimo", ambazo nazo zina herufi nne?

"Ziko" inamfanya msomaji aulize: wapi? Ndiyo tabia yake, inaelekeza mahali pasipotajwa. "Zimo" inadai chombo: zimo ndani ya nini? Kwenye bango lisilo na nafasi ya kujibu, usianzishe swali. "Zipo" inajitosheleza. Ni jibu unalompa mtu anayetafuta kitu kwa wasiwasi, akipekua mifuko: kipo, tulia. Kwa bidhaa hii sikupata neno fupi lililobeba faraja zaidi ya hilo.

"Zipo" ina hatari yake, nayo ndiyo iliyomrudisha "zako" kundini. Mkato wetu wa kwanza kabisa ulikuwa "Simu ikipotea, picha zipo", herufi 25. Ni safi kuliko huu tuliouchagua, na kwenye mazungumzo ungetosha. Ila "picha zipo", ikisomwa haraka na peke yake, inasikika kama tangazo la bidhaa iliyofika: picha zinapatikana, njoo uchukue. Zikikatika katika mistari miwili, mstari wa pili ungekuwa "picha zipo" na hakuna kingine, na jicho mara nyingi huanza na mstari wowote linaoukuta. "Zako" inaongeza herufi nne na nafasi moja, inatupeleka kwenye 30 kamili, na inaufunga mlango huo. Kwa "simu" tuliiacha "yako" iende, kwa kuwa hakuna anayesoma "simu ikipotea" akafikiria simu ya jirani.

Tulivyovipoteza ni hivi. "Zote" ilikwenda, na sikuilia. Kifurushi cha bure cha mteja kina ukomo wa nafasi, kwa hiyo neno hilo lilikuwa na mashaka tangu mwanzo. "Au kuharibika" ilikwenda, nayo ni hasara ya kweli, maana simu iliyovunjika kioo au kuzama majini ni simu iliyopotea kwa upande wa picha. Hatukupata kitenzi kimoja kinachobeba yote mawili. "Ikifa" ni fupi na watu husema simu imekufa, lakini haijumuishi simu iliyoibwa. Tukaamua kupotea kubebe mzigo, kuharibika kuende kwenye ukurasa unaofunguka baada ya kugusa.

Kuhusu "hata", hatukukubaliana. Mwenzangu alisema bila "hata" mtu mkaidi anaweza kuuliza: na simu isipopotea, picha hazipo? Kwa mantiki ana hoja. "Hata simu ikipotea, picha zako zipo" ina herufi 35, mstari wa kwanza herufi 19, kwa hiyo inaingia kwenye bango la picha bila shida. Inazuiwa tu na kikomo cha 30 cha kule kwingine. Mimi naona neno la kwanza la bango lina thamani kuliko yote, na sipendi kulipa "hata" nafasi hiyo wakati "Simu" ingekaa pale. Anayesoma anaiweka "hata" mwenyewe kwa sababu pande mbili za sentensi zinavutana. Lakini wewe ukiwa na bango la picha peke yake na msomaji mkaidi, ichukue.

Jambo moja ambalo lingenibadilisha mawazo kabisa: "salama" ilikuwa na ahadi mbili ndani yake, kwamba picha hazipotei na kwamba hazionwi na mtu mwingine. "Zipo" imechukua ya kwanza tu. Kama programu ingekuwa inajivunia faragha, kwamba hata mwenye seva hawezi kuzifungua, basi mkato huu ungekuwa umeikata roho ya bidhaa, na tungelazimika kuanza upya na neno jingine.

## Mstari ukatike wapi

Mkato uliokubalika unaweza kuharibiwa na kukatika kwa mstari. Mfumo ukiachiwa uamue, unajaza mstari wa kwanza hadi panapotosha:

Simu ikipotea, picha
zako zipo

Mstari wa juu sasa unaonekana kusema simu na picha zote zinapotea. Herufi 20 juu, 9 chini, na picha imetenganishwa na mwenye nayo. Panapofaa kukatika ni kwenye koma, na hapo kwa bahati njema upana unakaribiana, 14 juu na 15 chini:

Simu ikipotea,
picha zako zipo

Kama bango ni la HTML, usiache jambo hilo kwa bahati. Weka mstari mpya mwenyewe na uyafunge maneno ya chini yasitengane:

```html
Simu ikipotea,<br>picha zako zipo
```

Kisha lipime kwenye simu halisi. Hesabu ya herufi ni makadirio tu: "i" ni nyembamba, "m" na "w" ni pana, na sentensi hii ina "i" tano, ndiyo maana ilitoka nyembamba kuliko tulivyotarajia. Fungua pia mipangilio ya simu na ukuze maandishi ngazi moja au mbili, kama wanavyofanya watu wengi wasioona vizuri. Bango lililotengenezwa kama picha halitabadilika. La HTML linaweza kuvimba, na hapo utaona kama kitufe kinaanza kula neno la mwisho. Letu lilikula "zipo" kwenye ngazi ya pili, tukapunguza kitufe pikseli sita.

## Kwa bango lako

Kama una kitufe na una nembo, mkato wa sharti ndio ningekushauri: tukio kwanza, ahadi baadaye, kila moja kwenye mstari wake. Kama huna kitufe, chukua amri, lakini iambatishe na tukio badala ya kuiacha tupu. Ukipata bango la 320 kwa 100, usikimbilie kukuza fonti tu. Rudisha kwanza neno ulilolitupa kwa uchungu zaidi, ambalo kwetu lingekuwa kuharibika. Na kwenye 300 kwa 250 hakuna sababu ya kukata hadi mfupani, sentensi ndefu inaingia ikiwa imepunguzwa "zote" na "kama".

Popote bango linapompeleka mtu, sentensi ya kwanza atakayoikuta huko iwe ile ya maneno 12, au nyingine inayofanana nayo. Maneno tuliyoyakata bado ni sehemu ya ahadi, na aliyegusa kitufe ana haki ya kuyakuta yote katika skrini ya kwanza, pamoja na sharti kwamba nakala lazima iwe imepanda kabla ya simu kupotea.

Siku ya kukabidhi kazi, mteja aliridhika, akaomba kitu kimoja kidogo: alama ya mshangao mwishoni. Herufi 31. Mfumo ukaikataa. Akapendekeza tuiondoe koma ili mshangao upate pa kukaa. Nikamwandikia mstari huo bila koma na nikamwomba ausome kwa sauti mara moja, bila kupumzika: simu ikipotea picha zako zipo. Akausoma, akanyamaza kidogo, akasema iache koma.